Sheria ikibadilika, makala ya zamani tuifanyeje?

*"Tuna makala inayoeleza makato ya mshahara nchini Kenya: NSSF, bima ya afya, ushuru wa nyumba na PAYE. Tuliiandika mapema 2024 na hadi leo ndiyo inayosomwa kuliko zote. Kila kiwango kikibadilika, mwenzangu hufuta namba ya zamani, huweka mpya, kisha hubadilisha tarehe ya juu. Wasomaji wanachanganyikiwa, na wengine wanatuandikia kwamba tumewadanganya. Je, tuandike makala mpya kila mara? Na wasomaji tuwaambie nini bila kuwachosha?"*

Iacheni makala palepale ilipo, lakini acheni kufuta. Namba ya zamani haikuwa kosa. Ilikuwa sahihi kwa miezi yake, na itabaki sahihi kwa miezi hiyo hata miaka kumi ijayo. Mtu anayedai malimbikizo ya mshahara wa Januari 2025 anahitaji kiwango cha Januari 2025. Kile cha leo hakimsaidii. Mwenzako anapokifuta, huyo anakosa jibu, na aliyewahi kukinakili anarudi asikikute. Anajua alichokisoma, na hamkumwachia maelezo yoyote, kwa hiyo anaona ama mlikosea mkaficha, ama mlimdanganya. Lawama mnazopokea zinaanzia hapo.

Kwa hiyo tenganisheni mambo mawili ambayo ofisi nyingi za habari huyachanganya. Sahihisho ni pale mlipoandika jambo ambalo halikuwa kweli siku mlipoliandika. Hapo mnakiri, mnaeleza kosa lilikuwa nini, na mnaomba radhi. Badiliko ni pale mlipoandika kweli, kisha sheria ikasogea. Hapo hakuna cha kuombea radhi, ila kuna deni la kueleza ni lini jambo lilibadilika na linamgusa nani. Msomaji akikuta maneno "makala hii imerekebishwa" bila kuambiwa ni lipi kati ya hayo mawili, atachukua lile baya.

Sasa nichukue badiliko moja nilifuate mpaka mwisho, maana ugumu wa kazi hii huonekana kwenye hesabu.

Chini ya Sheria ya NSSF ya 2013, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi hichohicho, lakini asilimia hiyo huhesabiwa mpaka kikomo fulani cha mshahara. Kikomo ndicho kinachopanda kila Februari. Kilikuwa Sh18,000 mwaka 2023, Sh36,000 mwaka 2024, Sh72,000 mwaka 2025 na Sh108,000 mwaka 2026. Asilimia yenyewe haijaguswa. Ndiyo maana kuandika "NSSF imepanda hadi Sh4,320" mwaka 2025 kuliwapotosha wengi: hicho ni kiwango cha juu kabisa, na anayelipwa Sh50,000 hakukifikia.

Mchukulie huyo wa Sh50,000 kabla ya makato. Januari 2025 kikomo kilikuwa bado Sh36,000, kwa hiyo alikatwa asilimia 6 ya 36,000, yaani Sh2,160. Februari kikomo kilipita mshahara wake, akakatwa asilimia 6 ya mshahara wote, yaani Sh3,000. Nyongeza ni Sh840. Mwenzako angefuta 2,160, angeweka 3,000, halafu kwenye mstari wa mwisho angepunguza Sh840 kutoka kwenye mshahara unaobaki mkononi. Mstari huo wa mwisho ungekuwa na kosa.

Sababu ni kwamba mchango wa NSSF hutolewa kabla ya kodi kupigwa. Ukipanda, mapato yanayotozwa kodi yanashuka, na PAYE inashuka nayo. Januari, baada ya kutoa NSSF Sh2,160, mchango wa bima ya afya uitwao SHIF wa asilimia 2.75 ambao ni Sh1,375, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao ni Sh750, yalibaki Sh45,715 ya kutozwa kodi. Sh24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Jumla inakuja Sh8,497.85. Toa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400, PAYE inakuwa Sh6,097.85, na mkononi zinabaki Sh39,617.15.

Februari, kwa mpangilio uleule, kinachotozwa kodi kinashuka hadi Sh44,875, PAYE inakuwa Sh5,845.85, na mkononi zinabaki Sh39,029.15. Kodi imepungua kwa Sh252, kwa hiyo mfanyakazi amepoteza Sh588 badala ya Sh840. Makala iliyobadilishwa namba moja tu ingemwambia atapokea Sh38,777.15. Angetazama hati yake ya mshahara, akute Sh252 zaidi, na aanze kuhisi mhasibu wa kampuni amekosea, au ninyi.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kiwango kimoja kikibadilika, mfano mzima unahesabiwa upya kutoka mstari wa kwanza, na aliyeuhesabu anampa mtu mwingine auhesabu tena bila kumwonyesha jibu. Mkipata majibu mawili tofauti, msichapishe mpaka mjue tofauti imetoka wapi. Kama mnaweza kupata hati halisi ya mshahara ya mwezi mpya, kwa ridhaa ya mwenyewe na jina likiwa limefichwa, ilinganisheni na mfano wenu. Lakini msiifanye kuwa mwamuzi, kwa sababu waajiri nao huchelewa kubadilisha mifumo yao. Tena wapo wanaopeleka sehemu ya pili ya mchango kwenye mfuko binafsi wa pensheni, kwa hiyo mstari wa NSSF kwenye hati zao utaonyesha kiasi kidogo zaidi bila kosa lolote kutendeka. Semeni hivyo ndani ya makala. Mtajiepusha na maswali mengi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo ambalo taarifa nyingi za mabadiliko hulisahau, nalo ni nani *hakuguswa*. Februari 2025 aliyekuwa akilipwa Sh30,000 alikatwa Sh1,800, sawasawa na Januari, kwa sababu alikuwa chini ya kikomo cha zamani na bado yuko chini ya kipya. Walioguswa ni wenye mshahara unaozidi Sh36,000. Februari 2026 zamu ikawa ya wanaozidi Sh72,000: yule wetu wa Sh50,000 aliendelea kukatwa Sh3,000 zilezile, wakati mwenye Sh120,000 alitoka Sh4,320 akaenda Sh6,480. Nawaomba sana muianze taarifa ya mabadiliko kwa kutaja kundi hili. Wasomaji wengi watasoma sentensi moja, wajue haiwahusu, waendelee na shughuli zao. Hiyo ndiyo njia ya kutowachosha.

Taarifa yenyewe ningeiandika hivi, ikae juu kabisa chini ya kichwa:

*Badiliko, Februari 2025. Kama mshahara wako kabla ya makato unazidi Sh36,000, mchango wako wa NSSF umepanda kuanzia mshahara wa Februari. Kwa mshahara wa Sh50,000, mchango umetoka Sh2,160 hadi Sh3,000, PAYE imeshuka kwa Sh252, na mkononi zitapungua Sh588. Kama unalipwa Sh36,000 au chini, hakuna kilichobadilika. Hesabu ya Januari 2025 na ya kabla ya hapo iko mwisho wa makala.*

Hapo msomaji ameambiwa nani, lini, kiasi gani, na ya zamani iko wapi. Linganisha na "Makala hii imesasishwa tarehe 10 Februari 2025", ambayo inamwambia tu kwamba kuna mtu aliigusa. Iacheni taarifa juu walau mpaka siku mbili za mishahara zipite, kwa sababu wengi hawaulizi kitu mpaka waone pesa zimepungua. Baadaye ishusheni mwishoni, kwenye sehemu ya historia ya viwango, ambako kila badiliko lina mwezi wake na mfano wake mdogo. Sehemu hiyo itarefuka mwaka hadi mwaka. Wala msiipunguze, maana kuna watu wataitafuta hiyo tu.

Kuhusu tarehe, wekeni mbili na kila moja iitwe kwa jina lake: siku makala ilipochapishwa mara ya kwanza, na siku viwango vilipohakikiwa mara ya mwisho. Kubadilisha tarehe ya juu peke yake kunaifanya makala ya 2024 ionekane imezaliwa leo, na msomaji anaamini kila aya imepitiwa upya hata kama mligusa namba moja. Na tarehe ya kuhakikiwa iandikwe pale tu mtu anapokuwa amepitia kila kiwango. Kurekebisha herufi iliyokosewa hakuhesabiki.

NSSF ni rahisi kwa kuwa mabadiliko yake huja Februari. Yapo mengine mawili magumu zaidi, na nadhani ndiyo yanayowatesa.

La kwanza ni sheria inayobadilisha hesabu bila kubadilisha kiwango. Tarehe 27 Desemba 2024 Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ilianza kutumika. Ushuru wa nyumba ulibaki asilimia 1.5, SHIF ikabaki asilimia 2.75. Kilichobadilika ni nafasi yake kwenye hesabu: kuanzia hapo vyote viwili vinatolewa kabla ya kodi kupigwa, na ile nafuu ya asilimia 15 ya ushuru wa nyumba ikaondolewa. Kwa mtu wetu wa Sh50,000, zamani ushuru wa Sh750 ulimpunguzia kodi kwa Sh112.50. Sasa unaipunguza kwa Sh225, kwa sababu Sh750 hizo zimeondoka kwenye fungu linalotozwa asilimia 30. Mhariri anayetafuta namba za kubadilisha hatakuta kitu, kwani "1.5" ni ileile. Kwa hiyo kwenye nakala yenu ya ndani, ile isiyosomwa na umma, andikeni kando ya kila mstari wa hesabu ni sheria ipi na kifungu kipi kinauruhusu. Sheria hiyo ikiguswa, mnajua mistari ipi ya kufungua hata kama namba zake hazikusogea.

La pili ni mahakama. Ushuru wa nyumba uliingia kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema unakwenda kinyume na Katiba. Ofisi iliyokimbilia kuandika usiku ule kwamba ushuru umefutwa ilikosea, kwa sababu mahakama hiyohiyo ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa hukumu yake, na makato yakaendelea. Ni tarehe 26 Januari 2024, Mahakama ya Rufaa ilipokataa kurefusha muda huo, ndipo msingi wa kukata ulipoondoka. Kisha Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini, na asilimia 1.5 ikarudi. Makala iliyoandikwa 2023 na kuachwa vilevile ilikuwa na kiwango sahihi lakini sheria isiyo yake, na kwa wiki kadhaa katikati haikuwa sahihi kabisa.

Bima ya afya ilipita njia kama hiyo. Sheria yake ilitiwa saini Oktoba 2023, Mahakama Kuu ikaibatilisha Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo, na makato ya SHIF yakaanza tarehe 1 Oktoba 2024, karibu mwaka mzima baada ya saini. Saini ya Rais, kuanza kutumika na kuanza kukatwa ni siku tatu zinazoweza kuachana mbali, na msomaji wenu anataka ya tatu. Hukumu ikitoka, msiguse hesabu. Wekeni taarifa fupi juu: mahakama imesema hivi, amri yake imesimamishwa au la, na mshahara wa mwezi huu unakatwa vipi. Mfano ubadilishwe makato yanapobadilika kweli, si kesi inapotajwa kwenye taarifa ya saa moja jioni.

Sasa, makala mpya au ileile? Mimi hutazama swali la msomaji. Kama swali limebaki lilelile, "mshahara wangu unakatwaje", makala ibaki moja, anwani yake ibaki ileile, na viungo vyote vya zamani viendelee kufikisha watu penye jibu la leo. Kama swali lenyewe limekufa, fungeni makala na muandike nyingine. NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHIF, ni mfano mzuri. Ilikuwa na ngazi za kiasi maalumu, kutoka Sh150 hadi Sh1,700. Mwenye Sh50,000 alilipa Sh1,200 na hakuna aliyevuka Sh1,700. SHIF ni asilimia isiyo na kikomo cha juu, na kwa mwenye Sh100,000 mchango ulitoka Sh1,700 hadi Sh2,750. Kuigeuza makala ya ngazi za NHIF iwe ya SHIF ni kujenga nyumba nyingine juu ya msingi usiolingana. Iacheni kama ilivyokuwa, na juu yake muandike: *Makala hii inaeleza NHIF, iliyokoma kukatwa mwishoni mwa Septemba 2024. Kwa makato ya sasa, soma makala yetu ya SHIF.* Jedwali la ngazi libaki, kwa sababu migogoro ya malipo ya miaka ile bado inalihitaji.

Kuna mahali pengine namba hujificha, nanyi lazima mpapekue. Tafuteni 2,160 kwenye hifadhi yenu kwa sura zake zote: yenye mkato, isiyo na mkato, na iliyoandikwa kwa maneno. Utaikuta kwenye makala ya mikopo, kwenye maelezo ya video, kwenye maandishi chini ya picha. Inayosumbua zaidi ni michoro. Mchoro wa makato uliotengenezwa 2024 bado unazunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, na haubebi taarifa yenu ya mabadiliko wala tarehe ya ukurasa. Huwezi kuurudisha. Unachoweza ni kuhakikisha kila mchoro mpya una maneno ndani yake, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu: "Viwango vya Februari 2026. Angalia kama vimebadilika." Na kwenye mazungumzo ya sauti yaliyorekodiwa, ongezeni sentensi moja mwanzoni inayotaja mwezi wa hesabu. Kurekodi upya kipindi kizima sioni kama kuna faida.

Hamtaweza kuifanyia hivi kila makala mliyo nayo, na msijaribu. Chagueni chache ambazo mtu akizifuata anaweza kulipa au kudai pesa, mpeni mtu mmoja kwa jina azisimamie, na muweke kwenye kalenda wiki ya mwisho ya Januari kwa ajili ya NSSF na wiki ya mwisho ya Juni kwa ajili ya Sheria ya Fedha, ambayo mengi yake huanza Julai mosi. Nyingine wekeni taarifa ya wazi kwamba viwango vyake ni vya mwaka fulani na havijahakikiwa tena. Msomaji hakasiriki akiambiwa hivyo mapema.

Mwisho, kuna kazi ambazo hazifai kumalizwa na mhariri peke yake. Hukumu ikibatilisha sehemu ya sheria na kuacha nyingine, mpigieni wakili anayeshughulika na kodi, aisome amri yenyewe, si muhtasari wa magazeti. Mfano wenye marupurupu, nyumba ya mwajiri au mfuko binafsi wa pensheni upitiwe na mhasibu anayeandaa mishahara kila mwezi. Na msomaji akiwatumia hati yake akiuliza kama ameibiwa, msimhesabie kwa ujumbe. Hamjui mkataba wake, na jibu lenu litapelekwa kwa mwajiri kama ushahidi. Mwambieni aanze na idara ya mishahara kazini kwake aombe maelezo kwa maandishi, akiwa na mfano wenu wa mwezi huohuo mkononi. Wasipomjibu, aende ofisi ya leba iliyo karibu naye, na kama tatizo ni la PAYE, aende KRA na hati za miezi yote anayoilalamikia.